Mtaalamu wa mashtaka kasema moto uliwashwa: umdodose, ulete wako, au uombe wa mahakama?

Mezani kuna ripoti ya kurasa chache. Mchunguzi wa moto ameandika kwamba sebule iliungua kwa sababu mtu alimwaga kimiminika kinachowaka, kisha akakitia kiberiti. Mshtakiwa anasema alikuwa amelala na akaamshwa na moshi. Hakuna aliyemwona akiwasha kitu. Kesi nzima inaning'inia kwenye maoni ya mtu mmoja ambaye hakuwapo usiku ule, ila amezisoma alama zilizobaki sakafuni na ukutani.

Upande wa utetezi hapo una njia tatu. Unaweza kumwacha mtaalamu huyo apande kizimbani na kumbana kwa maswali ya dodoso. Unaweza kuleta mtaalamu wako aseme kinyume. Au unaweza kuiomba mahakama imteue mtaalamu wake yenyewe. Mawakili wengi huchagua kwa mazoea: asiye na pesa hudodosa, mwenye pesa huajiri. Naona hayo ni makosa, na nitatumia kesi za moto kuonyesha kwa nini, kwa kuwa katika moto tofauti ya njia hizi tatu huonekana wazi kuliko mahali pengi. Mantiki yake ni ileile hata ripoti iwe ya risasi, mwandiko au vinasaba.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni mahali ulipo ufa. Maoni ya mtaalamu yanaweza kupasuka sehemu tatu: katika sifa za mtu mwenyewe, katika mbinu aliyoitumia, au katika tafsiri aliyoitoa juu ya alichokiona. Kila njia kati ya hizo tatu ina nguvu kwenye ufa wake.

Tuanze na sifa, maana hapo ndipo watu hukosea zaidi. Sheria kwa kawaida haidai shahada. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, kifungu cha 45, ambayo mfano wake ulifuatwa na nchi kadhaa zilizotawaliwa na Waingereza, ilizungumzia, hadi nafasi yake ilipochukuliwa na sheria mpya mwaka 2024, mtu mwenye ujuzi maalumu katika sayansi au fani husika, basi. Kanuni ya 702 ya mahakama za shirikisho za Marekani inataja maarifa, ustadi, uzoefu, mafunzo au elimu, na neno lenye uzito pale ni "au". Uingereza, mwaka 1894, katika kesi ya Silverlock, mahakama ilimkubali wakili aliyejifunza mambo ya mwandiko kwa kupenda kwake tu. Hakuwa mtaalamu wa kulipwa. Kwa hiyo kumpinga shahidi eti hana digrii ni kupoteza risasi. Swali lenye meno ni hili: ana ujuzi juu ya *jambo hili hasa* analolitolea maoni? Zimamoto wa miaka 20 anajua kuzima moto. Hilo halimfanyi ajue kemia ya sampuli, wala jinsi joto linavyotembea ndani ya chumba.

La pili ni kile kinachohitajika: fedha, muda, na kuvifikia vielelezo. La tatu ni hatari, yaani njia yenyewe inaweza kukugeukiaje.

La nne ni namna mahakama itakavyoyapima maoni yakigongana. Jaji hafungwi na maoni ya mtaalamu yeyote, na hahesabu vichwa. Kesi ya Uskochi ya mwaka 1953, Davie dhidi ya mahakimu wa Edinburgh, ilieleza jambo hilo kwa namna ambayo mahakama nyingi bado zinaifuata: kazi ya mtaalamu ni kuipa mahakama vigezo vya kisayansi vya kupimia usahihi wa hitimisho lake, ili mahakama ifikie uamuzi wake yenyewe. Asiyetoa sababu hana cha kupimwa. Marekani, kesi ya Daubert ya 1993 iliorodhesha maswali ambayo jaji anaweza kuuliza: je, mbinu inaweza kujaribiwa na imejaribiwa? Imechapishwa na kupitiwa na wenzake? Kiwango chake cha makosa kinajulikana? Ina taratibu zinazoiongoza? Inakubalika kwa wanaoijua fani? Mwaka 1999, kesi ya Kumho Tire ikasema wajibu huo wa kuchuja unahusu pia mafundi na watu wa uzoefu, si wanasayansi wa maabara peke yao.

Na juu ya yote kuna kiwango cha uthibitisho. Katika jinai, utetezi hauhitaji kuthibitisha kwamba moto ulikuwa ajali. Unahitaji tu kuonyesha kwamba uwezekano huo haujafutwa.

Kwanza uielewe sebule

Kabla ya kuchagua njia, lazima ujue ripoti inasimamia nini. Chumba kinapoungua, moshi na gesi za moto hupanda na kujikusanya chini ya dari. Tabaka hilo likifikia nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, linamimina joto kuelekea chini kiasi kwamba kila kinachoweza kuwaka ndani ya chumba hushika moto karibu kwa mpigo mmoja, zulia na sakafu vikiwamo. Tangu dakika hiyo, kinachoamua wapi pataungua zaidi ni mahali hewa inakoingia, yaani mlangoni na dirishani. Mahali moto ulikoanzia si lazima paonekane tena.

Zamani wachunguzi wengi walifundishwa kwamba moto hupanda, hivyo ukikuta sakafu imeungua kwa madoa yenye kingo zisizo sawa, basi kulimwagwa kitu. Walifundishwa pia kwamba kioo chenye nyufa ndogondogo kama utando kimepata joto la ghafla la petroli. Nyufa hizo hutokea kioo cha moto kinapopozwa ghafla, kwa mfano kwa maji ya wazima moto.

Mwaka 1991, Jacksonville, Florida, mtu mmoja alikuwa akikabiliwa na mashtaka ya moto uliotokea mwaka uliotangulia na kuua watu sita. Yeye alisema mtoto alichezea kiberiti kwenye kochi. Upande wa mashtaka ukamwita John Lentini, mtaalamu wa moto, naye na wenzake wakapata nafasi ambayo ni nadra: nyumba ya jirani ya namna ileile, iliyokuwa ikisubiri kubomolewa. Wakaipamba kwa samani zinazofanana, wakawasha kochi, bila petroli hata tone. Chini ya dakika 5 chumba chote kilikuwa kimewaka, na alama zilizobaki sakafuni zilifanana na zile zilizodaiwa kuwa za kimiminika. Mashtaka yakafutwa.

Jaribio lingine lilifanyika Las Vegas mwaka 2005. Wachunguzi 53 walionyeshwa vyumba viwili vilivyoachwa kuwaka kama dakika 2 baada ya hatua ile ya kushika moto kwa mpigo. Waliulizwa jambo dogo tu: moto ulianzia robo ipi ya chumba? Katika kila chumba waliopatia ni watu 3 tu. Mtu anayebahatisha kwa macho yaliyofumbwa angetegemewa kupatia mara moja katika nne, ambayo ni kama watu 13.

Sasa tuzirudie njia zetu tatu.

Njia ya kwanza: maswali ya dodoso peke yake

*Inagusa nini.* Ina nguvu kwenye sifa, na kwenye mapengo ya mbinu ambayo shahidi mwenyewe atalazimika kuyakiri. Ni dhaifu kwenye tafsiri. Wakili hawezi kutoa ushahidi. Maswali yake si ushahidi, hata yawe mazuri vipi.

*Inahitaji nini.* Pesa kidogo, kusoma sana. Mwongozo wa uchunguzi wa moto uitwao NFPA 921 ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1992 na umerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Ukiusoma kwa utulivu, maswali yanajiandika. Haya ndiyo ningeanza nayo, na kwa mpangilio huu:

Je, sebule ilifikia hatua ya kuwaka yote kwa mpigo? Ulijuaje? Baada ya hatua hiyo, doa la sakafuni lililosababishwa na kimiminika unalitofautishaje kwa macho na lisilosababishwa nacho? Ulichukua sampuli ngapi, kutoka wapi, na zilifungwa katika chombo gani? Ulichukua sampuli ya kulinganisha, yaani kipande cha zulia lilelile kutoka mahali ambapo hudai kulimwagwa kitu? Maabara ilipata nini kwa kila moja? Ni sababu zipi nyingine ulizozifikiria, na nini kiliziondoa?

Swali la mwisho ndilo mtego. Wapo wachunguzi wanaosema: sikuona hitilafu ya umeme, sikuona jiko, sikuona sigara, kwa hiyo ni mtu. Toleo la NFPA 921 la mwaka 2011 liliikataa wazi namna hiyo ya kufikia hitimisho kwa kuondoa tu bila kuwa na ushahidi wa kile kinachobaki. Shahidi akikiri kwamba ndivyo alivyofanya, umepata unachokitafuta, ukae chini.

*Hatari yake.* Shahidi mzoefu wa kizimbani hujibu, "Nimeona mioto mia kadhaa, naijua." Mbele ya juri, au mbele ya jaji ambaye hajawahi kusikia lolote kuhusu tabaka la moshi, jibu hilo hupita. Huna mtu wa kueleza kwa nini kuona mioto mia si kujua, kama hukuwahi kupewa jibu sahihi la hata mmoja kati yake. Mbaya zaidi, ukimuuliza swali la "kwa nini" usilojua jibu lake, unampa nafasi ya kufundisha darasa zima kwa gharama yako.

*Mahakama inaipimaje.* Maoni yasiyopingwa na mtaalamu mwingine bado yanaweza kukataliwa, lakini jaji atahitaji sababu ya kuyakataa, na sababu hiyo lazima iwe kwenye kumbukumbu za kesi. Kwa hiyo lengo lako ni kauli mbili tatu zitokazo kinywani mwa shahidi mwenyewe, ambazo jaji atazinukuu akiandika hukumu. Ushindi wa maneno usioacha kauli ya kunukuu hautamfaa mteja wako.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye ripoti inayomkabili haina sababu ndani yake, au shahidi ametoka nje ya fani yake, au maabara haikupata kitu na mchunguzi akang'ang'ania macho yake.

Njia ya pili: mtaalamu wako

*Inagusa nini.* Tafsiri, na mbinu kwa undani. Huyu anaweza kusimama na kusema: alama hizi, katika chumba kilichofika hatua hii, hazitofautishi petroli na kochi. Maneno hayo sasa ni ushahidi.

*Inahitaji nini.* Pesa, na mapema. Mabaki ya moto hayangoji. Nyumba hubomolewa, zulia hutupwa, sampuli huisha maabara. Mtaalamu anayekuja baada ya mwaka hufanya kazi kwa picha tu, na upande wa pili hautakosa kumkumbusha hilo. Pia anahitaji takwimu ghafi za maabara, si ukurasa wa majibu. Grafu za kromatografia ya gesi ndizo zinazoonyesha kama kilichoonekana ni petroli au ni mchanganyiko unaotokana na zulia la plastiki kuungua.

Kuhusu sifa zake, kesi ninayowasimulia wanafunzi wa sheria ni ya Anthony Ray Hinton, Alabama. Si ya moto. Ilitegemea risasi sita zilizodaiwa kutoka kwenye bastola moja iliyokutwa nyumbani kwa mama yake. Wakili wake aliamini sheria inamruhusu kupata dola 1,000 tu za mtaalamu. Kikomo hicho kilikuwa kimeshafutwa, hakuangalia. Kwa pesa hiyo akampata mtu mmoja tu aliyekubali, mhandisi ambaye wakili mwenyewe hakumwona kuwa anafaa. Kwenye dodoso mwendesha mashtaka akamfanya akiri kwamba anaona kwa jicho moja na kwamba alipata shida kuitumia darubini ya kulinganishia. Hitimisho lake, kwamba risasi hazikuweza kuhusishwa na bastola ile, lilikuja kuungwa mkono na wataalamu watatu wenye sifa nzuri. Lakini juri halikumwamini mtu huyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kosa la wakili kutoijua sheria ya malipo ni uwakilishi uliopungua kiwango. Hinton alitoka mwaka 2015, baada ya karibu miaka 30.

Ona jinsi mambo yanavyopindana hapo: mbinu ya utetezi ilikuwa sahihi, hitimisho lilikuwa sahihi, ufa ulikuwa kwenye sifa, na ufa huo mmoja ulitosha.

*Hatari yake.* Iko moja ambayo haitajwi sana. Mtaalamu wako anaweza kukubaliana na wao. Katika kesi ya Cameron Todd Willingham, Texas, aliyeshtakiwa kwa moto wa Desemba 1991 uliowaua mabinti zake watatu, utetezi ulimtafuta mtaalamu wa moto, naye akaona kama upande wa mashtaka ulivyoona. Hakuitwa. Kesi ikaenda kwa alama zilezile za sakafuni na vioo vyenye nyufa, na sampuli moja tu, ya karibu na mlango wa mbele, ndiyo iliyokutwa na kimiminika. Kibarazani hapo kulikuwa na chupa ya mafuta ya kuwashia mkaa. Willingham aliuawa kwa sindano ya sumu Februari 2004. Siku chache kabla, mtaalamu Gerald Hurst alikuwa ameandika kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa kusema moto uliwashwa, na mwaka 2009 mtaalamu aliyeajiriwa na tume ya serikali ya Texas kuipitia kesi, Craig Beyler, aliona hivyohivyo.

Somo la vitendo ni kwamba mtaalamu aliyelelewa shule ileile na shahidi wa mashtaka atakupa jibu lilelile. Kabla ya kumpa kazi, muulize anafuata mwongozo upi, na muulize kuhusu vyumba vya majaribio. Kama hajawahi kuvisikia, tafuta mwingine. Katika nchi nyingi za mfumo wa sheria wa Kiingereza, ripoti ya mtaalamu uliyemwomba ushauri na ambaye humwiti hailazimiki kukabidhiwa upande wa pili, lakini kagua sheria ya mahali ulipo *kabla* ya kumwandikia barua ya kwanza.

*Mahakama inaipimaje.* Hapa ndipo maoni mawili yanagongana kweli, na hapa ndipo mteja huuliza, "Sasa ataaminiwa nani?" Jaji makini huanza na kile wanachokubaliana. England na Wales mahakama inaweza kuwaagiza wataalamu wakutane, kisha waandike wanapokubaliana, wanapotofautiana, na kwa nini. Karatasi hiyo mara nyingi hupunguza ugomvi wa kurasa hamsini hadi swali moja. Katika sebule yetu, huenda wote wawili wakakubali kwamba chumba kiliwaka chote kwa mpigo. Wakikubali hilo, doa la sakafuni limeshapoteza nusu ya uzito wake kabla mtu hajapanda kizimbani.

Baada ya hapo jaji hutazama msingi wa ukweli wa kila mmoja. Mtaalamu akijenga maoni juu ya jambo ambalo halikuthibitishwa, kwa mfano kwamba mlango ulikuwa umefungwa, maoni yanaanguka pamoja na jambo hilo. Hutazama pia nani alikiri mipaka yake. Kwa uzoefu wangu wa kusoma hukumu, sentensi fupi ya "hilo siwezi kulisema" huongeza imani kuliko cheti kingine ukutani. Mtaalamu anayemtetea aliyemlipa hujulikana haraka; wajibu wake ni kwa mahakama kwanza.

Na kama baada ya yote hayo wataalamu wawili wazuri bado wanapingana? Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi ya Cannings, ilisema kwamba pale hatia inapotegemea peke yake, au karibu peke yake, mgongano mzito wa wataalamu wa kuheshimika, na hakuna ushahidi mwingine wa maana, mara nyingi haitakuwa salama kuendelea. Mawakili waliishangilia kupita kiasi. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Kai-Whitewind, mahakama hiyohiyo ilifafanua kwamba mgongano peke yake hauui mashtaka. Mahakama bado inaweza kuuamua mgongano huo kwa sababu zilizopo. Kwa hiyo usimlipe mtaalamu ukitegemea kwamba "wakipingana tumeshinda". Mlipe akupe sababu.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye ufa wake uko kwenye tafsiri, ambaye vielelezo bado vipo, na ambaye anaweza kumpata mtu mwenye sifa juu ya swali lenyewe.

Njia ya tatu: mtaalamu wa mahakama

*Inagusa nini.* Mbinu, kuliko kitu kingine. Mahakama ikimpa maswali mazuri, anaweza kuikagua kazi nzima ya maabara bila kushukiwa kuwa wa mtu.

*Inahitaji nini.* Mamlaka ya kisheria na jaji aliye tayari. Ufaransa na nchi nyingine za bara la Ulaya ndiyo njia ya kawaida: jaji huteua, mara nyingi kutoka kwenye orodha rasmi. Marekani Kanuni ya 706 inaruhusu, ila majaji huitumia kwa nadra. Mahali ambapo sheria yenu iko kimya, ombi linaweza kuishia kwenye faili. Fedha kwa kawaida si zako, na kwa mshtakiwa asiye na kitu hilo ni jambo kubwa.

*Hatari yake.* Humchagui, humwelekezi, na akikugeukia huna pa kujificha, kwa sababu kila mtu chumbani anamwona kama mtu asiye na upande. Pia si lazima afunge mjadala. Katika kesi ya mauaji ya Perugia, Italia, washtakiwa wawili walikuwa wamehukumiwa Desemba 2009, na vinasaba vya kwenye kisu na kwenye kifungo cha sidiria vikiwa na uzito mkubwa. Mahakama ya rufaa iliteua wataalamu wawili huru. Mwaka 2011 walisema chembe za kwenye kisu zilikuwa chache mno kutegemewa, na kwamba kifungo, kilichookotwa sakafuni siku 46 baada ya mauaji, kingeweza kuwa kimechafuliwa. Washtakiwa wakaachiwa. Mwaka 2013 mahakama ya juu ikafuta uamuzi huo, na mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba wataalamu hao hawakuipima chembe nyingine iliyopatikana kwenye kisu. Wakahukumiwa tena 2014, wakaachiwa moja kwa moja 2015. Vielelezo vilikuwa vilevile wakati wote huo.

*Mahakama inaipimaje.* Kwa nadharia, sawa na mwingine yeyote. Kwa vitendo, anaanza mbele. Ndiyo maana pigano lako liko kwenye maswali atakayopewa. "Je, moto uliwashwa na mtu?" ni swali baya, linamwalika atoe hukumu. "Je, kwa alama na majibu ya maabara yaliyopo, inawezekana kutofautisha moto wa kimiminika na moto ulioanzia kwenye kochi?" ni swali la kitaalamu, na jibu lake likiwa "hapana" linabeba shaka yote unayoihitaji.

*Inamfaa nani.* Asiye na fedha mwenye hoja ya mbinu iliyo imara, na yule ambaye wataalamu wa pande zote mbili wamekwisha kupingana kiasi cha jaji kuchoka nao.

Hali yako ikiwa hivi

Ripoti imetoka nyumba ikiwa bado imesimama: pesa yoyote uliyonayo itumie leo kumpeleka mtaalamu wako eneo la tukio, hata kama hutamwita kamwe. Uamuzi wa kumwita utaufanya baadaye. Picha na sampuli hazitapatikana baadaye.

Nyumba imebomolewa, kuna picha tu na maabara haikupata kitu: dodoso lililoandaliwa vizuri linaweza kutosha. Lenga jambo moja, kwamba shahidi alitegemea macho katika chumba ambacho macho hayategemeki.

Maabara imepata petroli sebuleni na hakuna maelezo ya kawaida ya kuwepo kwake: usijidanganye kwa dodoso. Mtafute mtaalamu wa kemia, si wa moto, asome grafu. Akithibitisha, achana na vita vya sayansi, ugomvi wa kesi yako uko kwa nani aliimwaga, na hilo si la mtaalamu yeyote kulisema.

Mteja hana chochote: omba kwanza fedha za serikali za mtaalamu kama zipo, kwa maandishi, ukitaja swali utakalomuuliza na kiasi kinachohitajika. Ukikataliwa, omba mtaalamu wa mahakama. Hata ombi hilo likikataliwa, kukataliwa kwake kumeingia kwenye kumbukumbu, na wakili wa rufaa atakuwa na mahali pa kuanzia.

Mtaalamu wako ameandika ripoti isiyokupendeza: isome mara mbili kabla ya kumtafuta wa pili. Akiwa ametoa sababu za mbinu, huenda ana haki. Akiwa ameandika tu kwamba alama "zinalingana na" kimiminika, mpigie simu umuulize zinalingana na nini kingine.